Mmoja Akiondoka, Hisa Zake Zinakwenda Wapi?

Katika mipango mingi ya biashara, sehemu ya umiliki huandikwa kwa mstari mmoja: "Kampuni inamilikiwa na waanzilishi watatu kwa usawa." Waandishi wake huona wamemaliza, kwa kuwa wamesema nani ana nini. Mwekezaji anayesoma ana swali lingine. Anajua kwamba kati ya watu watatu wanaoanza kazi leo, kuna uwezekano mkubwa mmoja asiwepo baada ya miaka mitatu. Atapata ajira, ataoa au kuolewa mji mwingine, ataugua, au atachoka. Mwekezaji anatafuta sentensi inayomwambia hisa za mtu huyo zitakwenda wapi. Asipoiona, pesa zake hazitoki, hata kama biashara yenyewe ni nzuri.

Ninaandika haya kwa waanzilishi wanaoandaa mpango wa biashara na wanaotaka ukurasa wa umiliki uaminike. Msimamo wangu ni kwamba namna mlivyogawana hisa siku ya kwanza ina uzito mdogo kuliko sharti la kuzifanyia kazi hisa hizo kwa miaka. Mgawo usio kamili unaweza kuvumilika ikiwa hisa zinakomaa polepole. Mgawo wa haki kabisa unaweza kuiua kampuni ikiwa kila mtu amekabidhiwa hisa zake zote asubuhi ya usajili bila sharti lolote.

Tuchukue kampuni ya mfano ya Mombasa. Watu watatu wanatengeneza barafu kwa umeme wa jua na kukodisha masanduku ya baridi kwa wachuuzi wa samaki. Wa kwanza analijua soko: anawafahamu manahodha, anawafahamu mama karanga, na anajua samaki wanaharibika saa ngapi na wapi. Wa pili ni fundi wa majokofu, na ndiye aliyeunda mtambo wa barafu. Wa tatu ni mhasibu ambaye bado ameajiriwa; anafanya kazi za kampuni jioni na wikendi, na ndiye aliyetoa shilingi 600,000 za kununulia vifaa vya mwanzo. Wamesajili kampuni yenye hisa 144,000 za shilingi 1 kila moja, na kila mmoja amechukua 48,000.

Mwezi wa 20 mhasibu anapata kazi Doha. Hakuna ugomvi. Wenzake wanampeleka uwanja wa ndege, na anawaahidi kuendelea kusaidia kwa simu. Baada ya miezi michache anajibu ujumbe mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi. Kampuni inakua, na anapatikana mwekezaji aliye tayari kuweka pesa kwa asilimia 20, akitaka pia asilimia 10 itengwe kwa ajili ya wafanyakazi watakaoajiriwa.

Hapo ndipo hesabu inapomkimbiza mwekezaji. Waanzilishi watatu wanabaki na asilimia 70, yaani asilimia 23.3 kila mmoja. Mtu aliye Doha, asiyefanya kazi yoyote, atakuwa na sehemu kubwa kuliko mwekezaji aliyetoa pesa zote. Wale wawili wanaoamka alfajiri kwenda bandarini watakuwa wakimfanyia kazi. Mwekezaji anajua pia kwamba pesa zikihitajika tena baada ya miaka miwili, sehemu za hao wawili zitapungua zaidi, na huenda wakaanza kujiuliza kwa nini wanaendelea.

Kuna tatizo jingine ambalo waanzilishi wengi hawalioni mpaka wakili awaambie. Chini ya Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015, azimio maalumu la wanahisa huhitaji kura zisizopungua asilimia 75. Katiba ya kampuni haibadilishwi bila azimio hilo, na karibu kila mwekezaji makini hutaka katiba ibadilishwe kabla ya kuingia, ili hisa zake ziwe na haki fulani. Tanzania nayo inadai robo tatu ya kura. Mwenye theluthi moja ya hisa, kwa hiyo, anaweza kuuzuia mpango mzima peke yake. Hahitaji hata kuwa na nia mbaya. Azimio likipitishwa kwa maandishi, kwa mhasibu wetu inatosha asiifungue barua pepe, au aseme atasaini akija likizo Desemba.

Dawa ya jambo hili ni kukubaliana mapema kwamba hisa za waanzilishi zinakomaa kadiri mtu anavyoendelea kufanya kazi. Utaratibu uliozoeleka zaidi, ambao wawekezaji wa Nairobi, Dar es Salaam na Kigali wanaufahamu vizuri, ni miezi 48 pamoja na kipindi cha kusubiri cha miezi 12. Mtu akiondoka kabla ya mwaka kutimia, haondoki na hisa hata moja. Mwaka ukitimia, robo inakomaa kwa mara moja. Baada ya hapo, sehemu moja ya 48 inakomaa kila mwezi hadi miaka minne iishe.

Katika mfano wetu, mwenye hisa 48,000 anapata 12,000 mwezi wa 12 unapotimia, kisha 1,000 kila mwezi. Mhasibu akiondoka mwezi wa 20, zilizokomaa ni 20,000. Hizo ni zake na hakuna wa kumnyang'anya. Zile 28,000 zisizokomaa anawauzia wenzake wawili kwa shilingi 1 kila moja, bei ileile aliyozinunulia, kwa hiyo analipwa shilingi 28,000. Kila mmoja wa waliobaki anafikisha 62,000, yaani asilimia 43 ya kampuni, na mhasibu anabaki na asilimia 13.9. Mwekezaji akiingia kwa masharti yaleyale, mhasibu atakuwa na asilimia 9.7 na wanaofanya kazi watakuwa na zaidi ya 30 kila mmoja. Mhasibu hana tena uwezo wa kuzuia azimio maalumu, na wakati huohuo jasho la miezi 20 halikupotea. Ni watu walewale, mgawo ni uleule wa theluthi, na kampuni sasa inawekezeka.

Angalieni jinsi jambo hili linavyofanyika kisheria, kwa sababu wengi huliandika vibaya. Msiseme katika mpango kwamba mwanzilishi "atapewa" hisa kila mwezi. Hisa zote hutolewa siku ya kwanza. Zinaandikwa katika daftari la wanahisa, na mwenye nazo anapiga kura na kupata gawio kama kawaida. Kinachowekwa ni wajibu wa kuziuza zile zisizokomaa pindi anapoacha kazi. Wajibu huo unaandikwa katika mkataba wa wanahisa, nayo katiba ya kampuni inaweka kifungu kinachoendana nao. Kisha kila mwanzilishi anasaini mapema fomu ya kuhamisha hisa isiyo na tarehe wala idadi, pamoja na hati ya kumpa wakili mamlaka ya kuijaza, na zote mbili zinabaki kwa wakili. Bila karatasi hizo mbili, mkataba wenu utakuwa sahihi, lakini utahitaji kesi ya miaka ili utekelezwe dhidi ya mtu aliye Doha.

Kwa nini wanunuzi wawe waanzilishi wenzake, isiwe kampuni yenyewe? Sheria inairuhusu kampuni kununua hisa zake, lakini inaweka masharti kuhusu pesa zinazotumika, na kampuni changa isiyo na faida hukwama hapo. Matokeo yake pia ni tofauti. Kampuni ikizinunua na kuzifuta zile 28,000, jumla inashuka hadi 116,000, na zile 20,000 za mhasibu zinageuka kuwa asilimia 17.2 badala ya 13.9. Anaongezeka kwa kuondoka. Andikeni wazi mmechagua njia ipi.

Uhamisho wa hisa una gharama zake. Kenya kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kodi ya faida ya mtaji ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Tanzania, BRELA haiandikishi uhamisho hadi upite TRA kwanza. Hisa zinazorudi kwa bei ya mwanzo huwa hazina faida kwa muuzaji, lakini mkataba wa tarehe ya zamani unaoonyesha kwamba bei hiyo ilikubaliwa tangu mwanzo ndio utakaowasaidia afisa wa kodi akiuliza kwa nini hisa za kampuni yenye wateja wengi zinauzwa kwa shilingi moja.

Mahali ambapo mikataba hii huvunjikia mara nyingi ni katika neno "akiondoka". Mhasibu wetu atasema hakuondoka: bado yumo katika kundi la WhatsApp la kampuni, na mwezi uliopita alikagua hesabu. Mkataba usipotoa tafsiri, ana hoja. Andikeni kwamba mwanzilishi atahesabiwa kuwa ameacha kazi siku anapotoa barua, au siku bodi inapomwachisha kwa kura ambayo yeye haipigi, au anapokaa siku 60 mfululizo bila kutimiza majukumu yaliyoorodheshwa kwenye kiambatisho. Orodhesheni majukumu kweli. Kwa mhasibu yangekuwa kufunga hesabu za mwezi kabla ya tarehe 10, kuwasilisha ritani za kodi, na kuhudhuria mkutano wa kila wiki. Mistari mitatu ya namna hiyo ina nguvu mbele ya msuluhishi kuliko ukurasa mzima unaozungumzia moyo wa kujitolea.

Tofautisheni pia namna za kuondoka. Anayeondoka kwa heri, kwa ugonjwa au kwa makubaliano, anabaki na zote zilizokomaa. Aliyeiba au aliyekwenda kufungua kampuni shindani huku akiwa bado mkurugenzi anaweza kulazimishwa kuuza hata zilizokomaa, kwa bei ya chini. Msifanye orodha ya makosa iwe ndefu. Nimeona rasimu ambamo hata kuchelewa mikutano kungeweza kumnyang'anya mtu hisa zote, na mwekezaji akiona kifungu kama hicho anaogopa, kwa sababu anajua kitatumika siku ya ugomvi. Udanganyifu, wizi na ushindani vinatosha.

Kifo kinahitaji nafasi yake, na hapa Pwani kina uzito ambao mikataba iliyonakiliwa kutoka nchi nyingine haiujui. Tuseme aliyefariki mwezi wa 20 ni yule mwenye kulijua soko, naye ni Mwislamu, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na wazazi wake walishatangulia. Hisa 20,000 zilizokomaa ni sehemu ya mirathi. Mke anapata thumni, hisa 2,500. Zinazobaki, 17,500, wanagawana watoto kwa kanuni ya wa kiume kupata mara mbili ya wa kike: 7,000, 7,000 na 3,500. Kampuni iliyokuwa na wanahisa watatu sasa ina sita, na huenda baadhi yao ni watoto wadogo ambao sahihi yao haiwezi kupatikana bila mlezi na mahakama. Mwekezaji hana ugomvi na haki ya warithi. Anachoogopa ni kushindwa kupata saini zinazohitajika kwa wakati.

Njia ya kuheshimu vyote viwili ni kuwapa waliobaki haki ya kununua hisa za marehemu, zilizokomaa na zisizokomaa, kwa bei mbili tofauti. Zisizokomaa ni kwa bei ya mwanzo, kama mwanzilishi mwingine yeyote anayeondoka. Zilizokomaa ni kwa thamani ya haki itakayotolewa na mthamini huru ndani ya siku 90, na pesa zinakabidhiwa msimamizi wa mirathi, kisha warithi wanazigawana kwa mafungu yaleyale. Kampuni changa huwa haina pesa za kulipa papo hapo, kwa hiyo wekeni ratiba ya malipo ya miezi, au kila mwanzilishi akatiwe bima ya maisha au takafuli ambayo fidia yake inatumika kwa kazi hiyo. Wapo wanaoona ni ukosefu wa adabu kuyazungumza haya mbele ya mtu aliye hai. Mimi naona ni ukosefu wa adabu zaidi kumwachia mjane hisa 2,500 asizoweza kuziuza wala kuzipatia gawio.

Sasa turudi kwenye mgawo wenyewe. Wawekezaji na wataalamu hawakubaliani juu yake. Michael Seibel, akiwa Y Combinator, alishauri mgawo sawa au unaokaribia usawa, kwa hoja kwamba kazi kubwa bado iko mbele na kila mtu anahitaji sababu ya kuifanya. Watafiti Thomas Hellmann na Noam Wasserman kwa upande wao waliona kwamba timu zilizogawana sawa haraka-haraka zilielekea kupata thamani ndogo zaidi machoni pa wawekezaji, na maelezo yao ni kwamba haraka ile ni dalili ya timu isiyoweza kufanya mazungumzo magumu. Sioni kama hoja hizo zinapingana. Usawa uliofikiwa baada ya mazungumzo ya kweli unaeleweka. Usawa uliochaguliwa ili mazungumzo yaepukwe ndio unaotia shaka. Zipcar, kampuni ya kukodisha magari ya Marekani, ilianzishwa mwaka 2000 na Robin Chase na Antje Danielson waliogawana nusu kwa nusu kwa kupeana mikono. Danielson hakuacha kazi yake ya kwanza, Chase alifanya ya muda wote, na kabla ya miaka miwili kupita Danielson hakuwa tena katika uendeshaji.

Kosa la kampuni yetu ya barafu ni hilohilo. Mwenye soko na fundi wanaweza kuwa sawa. Tofauti ya asilimia mbili au tatu kati yao haistahili ugomvi. Lakini mhasibu ana mshahara kwingine, na watatu hao hawakuwa wakitoa kitu kimoja. Suluhisho si lazima liwe kumpunguzia hisa, kwa kuwa huenda akaacha ajira mwakani na kuwa wa muda wote. Linaloweza kufanywa ni kupunguza mwendo wa ukomavu: hisa zake zinakomaa 500 kila mwezi badala ya 1,000 maadamu ameajiriwa kwingine, na zinaanza kukomaa 1,000 siku anapojiunga kikamilifu. Kwa mpango huo, anapoondoka kwenda Doha mwezi wa 20 ana 10,000, asilimia 6.9. Nadhani hata yeye mwenyewe angeiona ni haki.

Na zile shilingi 600,000? Ziwekeni mbali na hisa za kazi. Pesa ikishaingia imeingia yote, haihitaji kukomaa, na mwenye kuitoa asipoteze hata senti kwa sababu amehama. Mkizichanganya, mnajikuta mmeandika bila kukusudia kwamba theluthi ya kampuni iliuzwa kwa 600,000, na kwamba kampuni nzima ilikuwa na thamani ya milioni 1.8 siku ya kwanza. Mwekezaji atalishika hilo katika mazungumzo ya bei. Njia safi ni mkopo wa mwanahisa wenye barua ya ukurasa mmoja: kiasi, tarehe, riba kama ipo, na haki ya kuugeuza kuwa hisa mwekezaji atakapoingia, kwa bei iliyopunguzwa asilimia 20. Mwekezaji akilipa shilingi 100 kwa hisa, mhasibu analipa 80, na mkopo wake unakuwa hisa 7,500. Hizo hazina sharti la kazi. Kwa njia hii jasho na fedha kila kimoja kina mstari wake, na mwekezaji anaweza kuviona kwa jicho moja.

Kwenye mpango wa biashara, yote haya hayahitaji kurasa kumi. Wekeni jedwali la umiliki lenye safu chache: mwanzilishi na kazi yake, idadi ya hisa, asilimia, tarehe ukomavu ulipoanza, na zilizokomaa hadi siku ya kuandika. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo anayoitafuta mwekezaji. Chini ya jedwali, aya moja ya maneno ya kawaida. Kwa kampuni yetu, kabla mhasibu hajaondoka, ingekuwa hivi:

"Kampuni ina hisa 144,000 za kawaida za shilingi 1 kila moja, zinazomilikiwa na waanzilishi watatu, 48,000 kila mmoja. Hisa za waanzilishi wawili wa muda wote zinakomaa kwa miezi 48: hakuna inayokomaa kabla ya miezi 12, miezi 12 ikitimia zinakomaa 12,000, na tangu hapo 1,000 kila mwezi. Za mwanzilishi wa tatu zinakomaa kwa nusu ya mwendo huo hadi atakapoanza kazi ya muda wote. Anayeacha kazi anawauzia wenzake zisizokomaa kwa bei aliyozinunulia. Mkataba wa wanahisa umesainiwa, fomu za uhamisho ziko kwa wakili, na katiba ya kampuni inaendana nao. Mkopo wa mwanahisa wa shilingi 600,000 haumo katika hesabu hii na masharti yake yameambatishwa. Mtambo wa barafu na michoro yake ni mali ya kampuni kwa hati iliyosainiwa na mbunifu. Hakuna mtu mwingine aliyepewa au kuahidiwa hisa."

Sentensi kuhusu mtambo imo kwa sababu fundi aliyeubuni kabla ya kampuni kusajiliwa ndiye mwenye haki ya michoro hadi aikabidhi kwa maandishi. Akiondoka kabla ya hapo, hisa zake zisizokomaa zitarudi lakini kitu chenye thamani kitakwenda naye.

Sentensi ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Kabla ya kuiandika, kaeni watatu na mpekue simu zenu. Je, mliwahi kumwambia rafiki aliyechora nembo kwamba mtamfikiria? Mjomba aliyetoa kiwanja cha kuwekea mtambo aliahidiwa nini? Ujumbe wa WhatsApp unaosema "nawe utakuwa na asilimia mbili yako" unaweza kufikishwa mahakamani. Snapchat ilishtakiwa mwaka 2013 na Reggie Brown, aliyesoma pamoja na waanzilishi wake na aliyesema wazo la awali lilikuwa lake. Kampuni ilipoomba kuingia soko la hisa mwaka 2017 ilieleza kwamba ilikubali kumlipa dola milioni 157.5. Ahadi mlizonazo zimalizeni sasa, kwa pesa, kwa barua ya kuachiliana, au kwa hisa zilizoandikwa kwenye jedwali.

Mwekezaji atakagua mliyoandika. Kenya ataomba CR12 ya karibuni kutoka Huduma ya Usajili wa Biashara, na Tanzania ataomba taarifa ya upekuzi kutoka BRELA. Kisha ataweka mbele yake karatasi nne: hati hiyo ya msajili, daftari la wanahisa, mkataba wa wanahisa na mpango wenu. Namba zisipolingana, hata kwa sababu ndogo kama uhamisho ambao hamkuuwasilisha, ataanza kutilia shaka na namba za mauzo. Fanyeni ulinganisho huo ninyi kwanza, wiki mbili kabla ya kutuma mpango, kwa kuwa marekebisho kwa msajili huchukua muda. Angalieni pia kama kuna anayeshika hisa kwa niaba ya mtu mwingine. Kenya, mmiliki halisi wa asilimia 10 au zaidi lazima aandikishwe, hata kama jina lililo kwenye daftari ni la mwingine.

Ikiwa mmoja wenu anaishi Marekani, au mmeamua kusajili kampuni Delaware ili kuwavuta wawekezaji wa huko, kuna tarehe isiyosubiri. Anayelipa kodi Marekani na kupokea hisa zinazokomaa ana siku 30 tu za kupeleka tamko la 83(b) kwa IRS. Zikipita, hakuna rufaa, na anaweza kutozwa kodi ya mapato kila hisa zinapokomaa, kwa thamani ya siku hiyo. Ndugu aliyeko Minneapolis asaini tamko hilo wiki ileile anayopewa hisa.

Hata mkiandika vizuri, mwekezaji atajaribu kubadilisha masharti. Ombi la kawaida ni kuanzisha ukomavu upya siku anapoingia, hata kama mmeshafanya kazi miaka miwili. Anataka uhakika kwamba hamtaondoka baada ya pesa kufika, na hofu hiyo ina msingi. Lakini mlio na mkataba wa tarehe ya zamani mna pa kusimamia. Kubalini kwamba nusu ya zilizokomaa zirudi kwenye ratiba mpya, au ongezeni mwaka mmoja mbele, na mkatae kurudi kwenye sifuri. Wasio na mkataba wowote ndio wanaoanzishwa upya, kwa kuwa hawana karatasi ya kuonyesha walikuwa wamefika wapi.

Jambo jingine la kushikilia ni siku kampuni inapouzwa. Bila kifungu, mnunuzi anaweza kuinunua kampuni mwezi wa 30, kumwachisha fundi kazi mwezi wa 31, na kuchukua hisa zake 17,000 zilizobaki kwa shilingi 17,000. Ombeni kwamba kampuni ikiuzwa na mwanzilishi akaachishwa bila kosa ndani ya miezi 12 baada ya mauzo, zote zilizobaki zikomae mara moja. Wawekezaji wengi hukubali mambo hayo mawili yakienda pamoja. Wanachokataa ni ukomavu wote kutimia kwa sababu tu ya mauzo, kwa kuwa mnunuzi huwa hataki kukuta waanzilishi wasio na sababu ya kubaki.

Msaini mkataba huo kabla ya mazungumzo na mwekezaji yeyote kuanza, wakati hisa bado ni za shilingi moja na hakuna anayejua nani ataondoka. Fundi, mwenye soko na mhasibu wakae kwa wakili siku moja, wasome kila kifungu kwa sauti, na kila mmoja aulizwe akiwa peke yake: kama ni wewe utakayeondoka mwezi wa 20, je, utaona hesabu hii ni ya haki? Wakijibu ndiyo wote watatu, wapige muhuri.